Kabla ya kubonyeza "Free up space"

Nimekuwa nikiyafikiria maneno mawili ambayo Google Photos huyaonyesha ukigusa picha ya akaunti yako pale juu kulia: "Backup complete". Mtu ambaye simu imemjaa akiyaona hupumua, na hatua inayofuata ni kubonyeza "Free up space", kitufe kinachofuta kwenye simu picha zilizokwishapelekwa mtandaoni. Maneno hayo ni ya kweli, ila yana mpaka. Yanasema kwamba kila kilichoagizwa kimeshapelekwa, kwenye akaunti iliyochaguliwa, kwa ubora uliochaguliwa. Kama folda ya WhatsApp haikuagizwa, hayaigusi. Kama akaunti ni ya mtu mwingine, hilo nalo hayakwambii.

La akaunti ndilo huumiza wengi huku kwetu. Simu mpya inanunuliwa, na muuzaji au fundi anamfungulia mteja barua pepe palepale dukani ili Play Store ifanye kazi. Nenosiri analiweka yeye, pengine halikuandikwa popote. Miaka inapita, picha zinapanda kwenye akaunti hiyo kila siku, na mwenye simu hana habari kwamba siku simu ikipotea hataweza kuingia. Wengine wana akaunti mbili ndani ya simu moja, ya kazini na ya nyumbani, na picha za familia zinakwenda ya kazini, ambayo mwajiri anaweza kuifunga wakati wowote. Kwa hiyo soma anwani yote ya barua pepe iliyo juu ya ule ujumbe, hadi herufi ya mwisho, kabla ya kusoma kingine.

Baada ya hapo, acha kuiuliza simu. Chochote unachokiona ndani ya programu kwenye simu ileile kinaweza kuwa kinatoka kwenye hifadhi ya simu yenyewe, kwa sababu Google Photos huchanganya picha za simu na za mtandaoni katika ukurasa mmoja. Ushahidi utoke nje. Chukua kompyuta au simu ya ndugu, fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, andika photos.google.com, kisha ingia kwa barua pepe ile na nenosiri. Jambo hili linapima vitu viwili kwa pamoja: kama picha zipo, na kama unaweza kuzifikia. Ukiona Google inataka uthibitishe kwa kugusa "Yes" kwenye simu yako ileile, jiulize ungefanyaje kama ingekuwa imeibiwa. Ongeza namba ya simu ya kujiokolea iliyo hai, au chapisha zile namba za dharura ziitwazo "Backup codes" uzitunze nyumbani.

Ukishaingia, usiridhike na kuona vipicha vidogo vikijipanga. Njia ninayoiamini ni kuhesabu siku moja moja. Chagua siku yenye picha nyingi, kama ya harusi au mahafali. Kwenye kompyuta, peleka mshale juu ya tarehe, alama ya vema itatokea. Ibofye, na picha zote za siku hiyo zitachaguliwa, huku juu kukiandikwa idadi, tuseme "48 selected". Kisha kwenye simu fungua galari, siyo Google Photos, uchague picha za kamera za siku ileile na kuhesabu. Hesabu zikilingana, rudia kwa siku ya zamani kabisa na kwa siku ya karibuni. Zikipishana, usifute chochote mpaka ujue kwa nini. Huenda siku hiyo ina picha zilizoingia kupitia WhatsApp ambazo zipo upande mmoja tu, au kuna video ambayo bado haijapanda.

Video zinahitaji jicho la pekee kwa sababu ni nzito na ndizo huchelewa. Dakika moja ya video ya 1080p hufika takriban MB 130, na ya 4K takriban MB 350. Fungua ile ndefu kuliko zote ukiwa kwenye ile kompyuta, sogeza hadi karibu na mwisho, uiache icheze. Ikiwa imepanda muda si mrefu, inaweza kukataa kucheza au kucheza kwa ukungu kwa kuwa bado inaandaliwa. Rudi baada ya saa kadhaa. Halafu bofya alama ya herufi i ili uone jina la faili, vipimo na ukubwa wake.

Sasa folda. Ndani ya Google Photos, gusa picha ya akaunti, ingia "Photos settings", halafu "Backup", halafu "Back up device folders". Folda ya kamera hupelekwa yenyewe. Za WhatsApp, picha za skrini na vilivyopakuliwa hukaa zimezimwa mpaka uziwashe. Sishauri kuwasha kila kitu. Folda ya "WhatsApp Images" hujaa kadi za salamu za asubuhi na matangazo ya vikundi, na vyote vitakula nafasi ya akaunti. Afadhali uchague picha chache za maana kutoka humo, uzifungue moja moja na kubonyeza "Back up". Kumbuka pia kwamba nakala ya mazungumzo ambayo WhatsApp huipeleka Google ni kitu kingine kabisa: haionekani kwenye Google Photos, lakini inakula nafasi ileile.

Nayo nafasi ina kikomo. Tuchukue simu ya GB 64 ambayo kamera imejaza GB 19. Akaunti ya bure ina GB 15, zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Kama barua na nakala ya WhatsApp zimeshachukua GB 3, zimebaki 12. Picha na video za GB 19 kwa ubora wa asili haziwezi kuingia, na zikifika 12 kazi inasimama na tangazo la kujaa kwa akaunti. Hapo ndipo watu wanapopotea: kitufe cha "Free up space" bado kitakuwepo, kikiahidi takriban GB 12, na kitafuta zile tu zilizokwishapanda. Hilo ni salama. Hatari inakuja mtu anapoona simu bado imebana, akaenda galari kufuta yaliyobaki kwa mkono akidhani kila kitu kiko juu. Zile GB 7 hazipo popote isipokuwa kwenye simu. Na akaunti ikijaa, hata barua pepe huacha kuingia.

Njia mojawapo ya kutofika hapo ni kubadilisha "Backup quality" kuwa "Storage saver" kabla akaunti haijajaa. Picha inayozidi megapikseli 16 inapunguzwa hadi 16, na video inayozidi 1080p inashushwa hadi 1080p. Hata picha ya megapikseli 12 inabanwa upya, ingawa kwa kuiangalia kwenye simu hutaona tofauti. Kwa picha za kila siku naona inatosha. Kwa video ya harusi iliyopigwa kwa 4K haitoshi, maana ukishafuta iliyo kwenye simu, ile ya asili haitarudi tena. Iliyobaki mtandaoni ndiyo hiyo iliyopunguzwa. Video za namna hiyo zihamishe kwanza kwenye kompyuta au diski ya nje kwa waya wa USB. Tena, kubadilisha ubora hakuzigusi zilizokwishapanda. Kunaanzia kwa zijazo.

Kuhusu kupandisha kwenyewe, hesabu ni rahisi. GB 12 kwenye mtandao unaopandisha Mbps 5 zinahitaji zaidi ya saa tano bila kukatika. Kwa bando la simu ni gharama isiyo ya lazima, na ndiyo maana "Waiting for Wi-Fi" huonekana mara kwa mara. Iunganishe waifai, iweke kwenye chaji, zima hali ya kuokoa betri, na uiache programu wazi. Simu nyingi za bei nafuu zina msimamizi wa betri anayeua programu zikiwa nyuma, kwa hiyo kazi husimama kila skrini ikizimika na mtu hudhani mtandao ndio mbovu.

Ikifika wakati wa kuondoa, kitufe kina uzito kuliko nia. Ile alama ya pipa ndani ya Google Photos huondoa picha kwenye simu na mtandaoni kwa pamoja. Kuzima kwanza uhifadhi wa nakala hakukuokoi. Picha iliyokwishapanda ukiitupa ndani ya programu ukiwa umeingia kwenye akaunti, inakwenda pande zote. Unayetaka kuondoa ya simu peke yake, tumia "Free up space", au kwa picha moja fungua menyu yake uchague "Delete from device". Ukiteleza, pipa huitunza siku 60 kama ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni, na siku 30 kama haikuwa.

Kuna mtego mwingine kwa wanaofutia kwenye galari. Google Photos inaweza kugundua kwamba picha zimeondoka kwenye simu na kukuuliza kama nakala za mtandaoni nazo ziondoke. Swali hilo hutokea wakati mtu ana haraka, na jibu la ndiyo linapeleka kila kitu kwenye pipa. Lisome polepole.

Ukishamaliza, zima data na waifai, fungua picha ya zamani. Itaonekana ikiwa na ukungu au itakataa kufunguka kikamilifu. Hiyo ni sawa, maana sasa iko mtandaoni tu na kuituma kwa mtu kutahitaji kuipakua kwanza. Kwenye WhatsApp, kama folda zake nazo zilihifadhiwa na kuondolewa, picha za ndani ya mazungumzo zitakuwa hazifunguki tena. Nafasi isipoongezeka kama ulivyotarajia, angalia pipa la galari ya simu yako, ambalo mara nyingi hukaa na vitu siku 30 vikiendelea kuhesabiwa, kisha ndani ya WhatsApp ingia "Storage and data" na "Manage storage", uanze na video zinazozidi MB 5.