Siku moja maishani mwangu: dereva teksi, Mtwara

Saa kumi na moja alfajiri naosha gari, napima oili na maji. Saa kumi na mbili niko kijiweni. Gari si langu, kwa hiyo kila nikikamata usukani nadaiwa: hesabu ya tajiri elfu 20, na petroli juu yangu. Kinachobaki kwa siku nzuri ni elfu 12 hadi 15. Watu wanamwona dereva ana noti mkononi tangu asubuhi, wanadhani zote zake.

Leo nimeahidiana na mama watoto tukutane benki saa nne, tufungue akaunti. Ameomba ruhusa kazini, anabangua korosho, na mwisho wa ruhusa ni saa sita.

Saa mbili na nusu nikapata abiria uwanja wa ndege, anaenda Mikindani. Alibishana nauli mpaka nikashusha elfu 3. Tulipofika mjini akasema, "Simama hapa dakika tano, nachukua karatasi." Akaingia ofisini. Saa tatu ikapita. Nikimwacha nakosa nauli, na mabegi yake yamo kwenye buti. Nikimngoja, mama watoto anakaa benki peke yake. Nikaingia kumuulizia, nikaambiwa yuko kikaoni. Kikaoni! Katoka saa nne kasoro kumi, anaongea na simu, hata pole hakusema. Mikindani nikamshusha, nikaomba elfu 5 ya kusubiri, akanipa elfu 2. Nikapokea, maana muda wa kubishana sikuwa nao.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namfikiria kijana wetu wa miaka tisa. Aliumwa tumbo siku tatu, tukawa tunampa dawa za maumivu kwa sababu fedha ya vipimo hatukuwa nayo. Usiku wa tatu, saa nane, akawa hawezi kunyoosha mguu wa kulia, tumbo gumu kama ubao. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Kingewahiwa, upasuaji ungekuwa mdogo. Sisi tulikaa wodini siku tisa. Mimi siendeshi, yeye habangui.

Nilikopa laki 3 kausha damu, nirudishe elfu 13 kila siku kwa siku 30. Jumla laki 3 na elfu 90. Siku nisipofikisha, alilipa mama watoto kwa ujira wake. Deni lilipoisha wiki iliyopita ndiye aliyesema: "Baba, kama tuliweza kumpa yule elfu 13, hatuwezi kujipa wenyewe elfu 5?" Tukapiga hesabu kwenye daftari la mtoto. Elfu 5 kwa siku 26 za kazi ni laki na elfu 30. Miezi mitatu, laki 3 na elfu 90. Ileile.

Nilifika saa tano kasoro, nikamkuta dirishani, uso umemshuka. Kitambulisho cha NIDA kipo, namba ya simu ipo, ila mashine haisomi kidole. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na miaka kwenye kubangua imemfifisha alama za vidole. Gumba la kulia likakataa, na cha shahada kikakataa. Yule dada wa benki, Mungu ambariki, hakutufukuza. Akamwambia afute mikono vizuri, akajaribu mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, kwa sababu NIDA walichukua vyote kumi. Kidole cha mwisho cha kushoto ndicho kilichosoma. Foleni nyuma yetu ilikuwa inaguna, wala sikugeuka.

Mimi nilitaka akaunti ya pamoja, kutoa mpaka tusaini wote. Mama watoto akaniuliza, "Na ikiwa saa nane usiku tena?" Hakika benki imefungwa saa hiyo, na hospitali haingoji asubuhi. Basi tukafungua akaunti ya akiba isiyo na makato ya mwezi, kwa jina lake, imeunganishwa na simu yake, namba ya siri anaijua yeye. Mimi mwenye mikono ya barabarani, nikipungukiwa petroli lazima nimwombe, na mpaka nimwombe nitakuwa nimeshafikiri. Tukaweka elfu 20 ya kuanzia. Alirudi kazini zimebaki dakika sita.

Mchana jua kali, bajaji zimebeba abiria wote wa karibu. Magomeni mara mbili, stendi mara moja, mgonjwa mmoja wa Naliendele. Sikumbuki nimekula saa ngapi. Mgongo unauma kuanzia kiunoni.

Jioni hesabu ya tajiri ilitimia kwa safari ya mwisho. Kwangu ikabaki elfu 11. Kabla ya kufika nyumbani nikasimama kwa wakala, nikamtajia namba ya akaunti niliyoiandika nyuma ya leseni, nikampa elfu 5. Nilipoingia ndani mama watoto alikuwa ameshika simu. Kijana alikuwa amelala ubavu, shati limepanda, kovu linaonekana. Mama watoto akanisomea ujumbe polepole: salio elfu 25.