Siku moja mtaroni: mita 18 za bomba la maji taka

Saa 1 asubuhi. Sululu zinasubiri, kwanza tunapima. Bomba la inchi 4 linatoka ukutani mwa nyumba hadi chemba iliyo mita 18 mbele. Mteremko ni 1 kwa 60: kila sentimita 60 za urefu, bomba linashuka sentimita 1. Kwa mita 18 linashuka sentimita 30. Mpira wa maji unaonyesha kuwa ardhi yenyewe inashuka 12. Basi kama bomba liko kina cha 45 pale nyumbani, kwenye chemba litafika 45 + 30 − 12, yaani 63. Chini yake kuna mchanga wa sentimita 10, kwa hiyo tunachimba 55 mwanzoni na 73 mwishoni.

Saa 2. Vigingi na kamba. Kamba inafungwa sentimita 45 juu ya ardhi upande wa nyumba na 27 upande wa chemba. Hapo kila mahali iko mita 1 kamili juu ya sakafu ya mtaro, na kipimo ni fito moja ya mita 1. Anayepima kina kutoka juu ya ardhi atafuata mabonde na vichuguu vyake, na bomba litafuata vilevile.

Saa 3 hadi 6 ni kuchimba, upana wa sentimita 45. Fito ikielea, yaani umezidisha kina, usirudishe udongo uliolegea. Jaza mchanga na uushindilie. Udongo ule utatitia baadaye, bomba litapinda tumbo, maji yatatuama hapo na uchafu utaganda.

Saa 7, mchanga. Bomba kwa nje ni sentimita 11, kwa hiyo kutoka sakafuni hadi sentimita 10 juu ya bomba ni kimo cha 10 + 11 + 10, yaani 31. Hivyo 18 × 0.45 × 0.31 ni mita za ujazo 2.51. Ukitoa nafasi ya bomba, 0.17, inabaki 2.34. Tunaongeza moja ya tano, kwa kuwa mchanga hupungua ukishindiliwa: 2.8. Wengi huhesabu tandiko la chini tu, 0.81, kisha bomba linafukiwa kwa mawe.

Saa 8 tunalaza bomba kuanzia chemba kupanda, soketi zikielekea nyumbani. Chini ya kila soketi tunafukua kishimo, la sivyo bomba litakaa juu ya soketi zake kama daraja na kupasuka likibebeshwa udongo.

Saa 10. Tochi upande mmoja, kioo upande wa pili: duara zima likionekana, bomba limenyooka. Likikatwa juu, pana tumbo; likikatwa chini, pana nundu. Kisha tunaziba mwisho, tunajaza maji na kukagua viungo vikiwa bado wazi. Vikibaki vikavu, mchanga unashindiliwa kwa mguu kwapani mwa bomba, pande zote mbili kwa pamoja, ndipo udongo unarudi.