Nilivyopima kama nadharia inaliongoza pendekezo la uzamivu au imebandikwa tu

Niliombwa kutathmini pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki katika wilaya moja ya vijijini nchini Tanzania. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2016 kwamba hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za ujauzito, na mtahiniwa alitaka kujua kwa nini wengi hawafiki kwa wakati huo. Kiunzi chake cha nadharia kilikuwa Nadharia ya Tabia Iliyokusudiwa ya Icek Ajzen, ambayo makala yake inayonukuliwa zaidi ilitoka mwaka 1991. Sura ya pili iliieleza vizuri: mtazamo wa mtu kuhusu tendo, matarajio ya watu anaowajali na kiasi anachoamini kwamba tendo liko ndani ya uwezo wake hujenga nia, na nia ndiyo huzaa tendo.

Maelezo mazuri ya nadharia hayanitoshi, kwa sababu yanaweza kuandikwa bila kuathiri ukurasa mwingine wowote. Kwa hiyo niliiweka sura ya pili kando, nikasoma maswali ya utafiti, hojaji iliyokuwa kwenye kiambatisho na mpango wa uchanganuzi, huku nikijiuliza: kama jina la Ajzen lisingetajwa, je, ningeitambua nadharia hii kutokana na kazi yenyewe?

Nisingeitambua. Maswali yaliulizia uhusiano wa umri, elimu, kipato cha kaya na umbali wa zahanati na wakati wa kuanza kliniki. Hayo ni maswali halali kabisa, ila yanalingana zaidi na kiunzi cha Ronald Andersen cha mwaka 1968 kuhusu matumizi ya huduma za afya, kinachoanza na sifa za mtu, vinavyomwezesha kupata huduma, na uhitaji wake. Katika nadharia ya Ajzen, umri na elimu viko nyuma kabisa. Vinatarajiwa kufanya kazi kwa kupitia imani za mtu, na imani hizo hazikuulizwa popote.

Nia peke yake ndiyo iliyokuwa imeulizwa, na kipengele hicho ndicho kilichonishughulisha zaidi. Hojaji ilimuuliza mama aliyekwisha kujifungua: “Je, ulikuwa na nia ya kuanza kliniki mapema?” Kwanza, neno “mapema” halisemi ni wiki ya ngapi, ilhali nadharia inadai tendo, lengo lake, mazingira na muda vitajwe kwa namna ileile katika kupima nia na katika kupima tendo. Pili, na hili ni zito zaidi, nia inayosimuliwa baada ya tendo huwa imekwisha kuchanganyika na tendo lenyewe, kwa kuwa mama aliyechelewa ataisimulia nia yake kwa kuangalia yaliyomkuta. Utafiti wa mkupuo mmoja hauwezi kuonyesha kwamba nia ilitangulia.

Mpango wa uchanganuzi ulithibitisha hali hiyohiyo. Vigeu vyote vilikuwa vimeingizwa pamoja katika regresheni moja ya lojistiki, kana kwamba nia na umbali vimesimama mstari mmoja, ilhali nadharia ina mpangilio: vitu vitatu huelekea kwenye nia, kisha nia huelekea kwenye tendo. Vilevile hapakuwa na matokeo yoyote ambayo yangeweza kuitia nadharia mashakani. Kama mpangilio ungefuatwa, umbali unaoendelea kubashiri wiki ya hudhurio hata baada ya kuzingatia nia na uwezo anaouhisi mama ungekuwa ushahidi kwamba nadharia haitoshi.

Katika ripoti yangu nilimpa mtahiniwa njia mbili, nikasisitiza kwamba zote ni za heshima. Akimbakiza Ajzen, aanze na mahojiano ya wazi na wanawake wachache ili apate imani zao wenyewe, kwa mfano kuhusu kutakiwa kwenda na mwenza hudhurio la kwanza; kisha awapate wajawazito kupitia wahudumu wa afya ngazi ya jamii kabla hawajaanza kliniki, aulize nia, na baadaye asome kwenye kadi ya kliniki wiki waliyoanza. Nilimtahadharisha kwamba njia hii ni ghali, kwani wanawake wengi hufanya siri mimba changa, na atakaowapata huenda wakawa ndio wasiohitaji kusukumwa. Akibakiza maswali yake ya umbali na kipato, basi abadilishe kiunzi na aiandike upya sura ya pili.

Alichagua Andersen. Toleo jipya lilikuwa na swali ambalo halikuwamo awali, kuhusu namna mama mwenyewe anavyouona uhitaji wa kliniki akiwa bado hajisikii mgonjwa, na swali hilo lilikuwa na vipengele vyake katika hojaji na nafasi yake katika uchanganuzi. Nilipendekeza pendekezo hilo likubaliwe.