Vitabu viwili, taa, kulala: tulivyofanya na mtoto wetu wa miaka miwili hapa Mtwara

Huku kwetu jua linazama mapema, saa kumi na mbili na dakika kadhaa, mwezi wa sita ndo dakika chache tu baada ya kumi na mbili, na kwa mwenye mtoto mdogo hiyo ni bahati maana saa moja na nusu nje ni giza kabisa na huna haja ya kumdanganya mtu kwamba usiku umeingia. Shida ilikuwa ndani. Taa ya sebuleni inawaka kama ya dukani, katuni kwenye simu, baba yake anarudi anamrusha juu, halafu saa mbili na nusu unamwambia lala. Atalalaje sasa?

Nimeandika hii kwa sababu wamama kadhaa mtaani wameniuliza huyu wangu analalaje bila kelele. Jibu ni vitabu vya picha, ila sio vitabu vyovyote na sio kusoma vyovyote, hapo ndo pa kuelezana.

Tunasoma viwili tu. Cha kwanza anachagua yeye, ila hachagui kwenye rundo, namshikia viwili mkononi nauliza hiki au hiki. Ukimuuliza mtoto wa miaka miwili "unataka kipi" anavyoona vyote utakaa hapo mpaka isha ipite. Cha pili hakichaguliwi, ni kile kile kila siku, na hicho ndo chenye kazi. Mtoto wa umri huu hajui saa, saa yake ni mpangilio wa vitu: kuoga, nguo za kulalia, kitabu chake, kile kitabu, taa. Akiona kile kitabu mwili wenyewe unajua tumefika wapi.

Sasa kitabu gani kinafaa. Vile vya kufungua vidirisha, vya kubonyeza kikalia ng'ombe, vya kukimbizana na simba, ni vizuri sana ila ni vya mchana. Mtoto akishaunguruma kama simba mara tatu hapo umeshamwamsha. Cha usiku nataka picha moja kubwa kila ukurasa, maneno machache, hamna mtu anayepotea wala kufukuzwa, na mwisho watu wanalala. Kurasa zikizidi kumi na mbili naona ni kirefu.

Kukipata kitabu cha hivo cha Kiswahili, karatasi ngumu, hapa mjini ni kazi, vingi unavyokuta ni vya abc na namba. Kwa hiyo cha pili nilikitengeneza mwenyewe. Nilikata manila vipande sawa, nikabandika picha kutoka kalenda za zamani na nyingine nimechora kwa kalamu (mchoro wangu wa kuku baba yake anasema ni jiwe lenye miguu, haidhuru, mtoto anajua ni kuku), nikafunika zote kwa selotepu pana ili mate na maji yasiharibu, nikatoboa pembeni na kufunga kwa uzi mnene wenye fundo fupi. Kurasa nane. Jua linazama baharini, mitumbwi imerudi, kuku wameingia bandani, beseni la kuogea, nguo, chandarua, mwezi, mtoto amelala. Umeona, kinafuata yale yale anayofanya yeye jioni.

Maneno yake sibadilishi hata moja. "Mitumbwi imerudi. Imelala." "Kuku wameingia. Wamelala." Na kila ukurasa sauti inashuka kidogo na mapumziko yanaongezeka, mpaka ule wa mwezi naongea kama nanong'ona. Baba yake zamu yake ikifika alikuwa anaongezea vituko, mara kuku anakohoa, mtoto anacheka anataka arudie, nikamwambia baba watoto huyo kuku akohoe kwenye kitabu cha kwanza. Akakubali, na kweli ikawa afadhali.

Kitu kingine ni maswali. Kwenye cha kwanza tunaongea, hii nini, iko wapi, anaonyesha, anataja, ndo anavyopata maneno. Kwenye cha pili siulizi chochote. Ukiuliza unamwamsha akili afikirie. Yeye akisema kitu naitikia "mmh, mtumbwi" naendelea.

Kuhusu mwanga na chandarua, hapa watu wanakosea sana. Chomeka chandarua chini ya godoro kabla ya kusoma, sio baada, maana ukianza kuhangaika nacho wakati macho yameanza kulegea umeharibu kila kitu. Taa tunatumia ya sola kwenye mwanga wa chini kabisa, inaning'inia nje ya chandarua nyuma ya bega langu, inamulika kitabu sio macho. Umeme ukikatika hatutikisiki. Kibatari au mshumaa karibu na neti hapana jamani, hata kwa dakika moja.

Vitabu vyote viwili havifiki dakika kumi.

Halafu kuna "kingine!" Hii lazima ije. Jibu letu ni moja, kwa maneno yale yale, mimi, baba yake na dada wa nyumbani: "Vitabu vimelala, kesho." Yeye mwenyewe ndo anakifunga na kukiweka chini ya mto, kisha nazima taa nakaa pembeni kidogo. Siku za mwanzo alilia, na kilio cha kudai kitabu ukikisikiliza vizuri kinapanda na kushuka, anasikilizia kama unakuja. Ukikubali kimoja siku moja, kesho yake kilio kinakuwa kirefu zaidi kwa sababu ameona kinalipa. Tofauti na kilio cha sikio linalouma au homa, hicho hakisubiri, unamgusa unaona. Akiumwa vitabu tunaviacha, tunambeba.

Naondoka akiwa na usingizi ila macho yako wazi. Akizoea kulala wewe unasoma, akiamka saa nane usiku atataka usome tena.

Kuna siku haifanyi kazi na huwa najua mapema kwa nini, ni usingizi wa mchana. Akilala mpaka saa kumi na moja jioni, hata usome vitabu kumi ni bure. Sasa namwamsha kabla ya saa tisa na nusu. Usiku analala saa mbili mpaka kumi na mbili asubuhi, ukijumlisha na wa mchana inafika kama saa kumi na moja na nusu hivi, na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema saa 11 mpaka 14 kwa umri wake, basi tuko ndani. Simu nayo kwa mtoto wa miaka 2 wanasema isizidi saa moja kwa siku, sisi tunaimaliza kabla ya magharibi.

Mama mkwe alipokuja kutoka Lindi aliniangalia akasema, "Mwanangu, mtoto huyu anasomeshwa usiku kama ana mtihani?" Yeye ana hadithi zake, paukwa pakawa, fisi anaimba, watoto wote wa jirani wanaitikia. Sikutaka kumzuia bibi na mjukuu wake. Nikamwomba, "Mama, hadithi tuweke kabla hajaoga." Alikubali bila shida, fisi anaimba saa kumi na mbili uani, mtoto anapiga kelele mpaka anachoka, halafu maji. Tukienda kwake Lindi tunabeba kile cha manila tu, cha kwanza ni hadithi ya bibi.