"Nimepewa siku tatu": nilivyojifunza kuandika upya ujumbe wa mtu anayeumwa

Katika ofisi yetu ujumbe wa anayeumwa unaanzia kwangu. Mimi ndiye ninayetunza kumbukumbu za likizo, na ndiye ninayemjulisha mkuu wa kitengo kwamba fulani hayupo. Kwa muda mrefu niliamini kazi yangu ni kuupokea ujumbe na kuupeleka mbele kama ulivyo. Siku moja Jumanne, tarehe 10, saa kumi na mbili jioni, mhasibu msaidizi wetu aliniandikia hivi:

"Shikamoo dada. Ile homa ya mchana imezidi, nimetoka hospitali sasa hivi. Nimepewa siku tatu. Samahani kwa usumbufu."

Nikamjibu pole mdogo wangu, ugua pole, kisha nikampelekea mkuu maneno yaleyale. Mkuu alikumbuka kwamba binti yule aliondoka mapema siku hiyo, akahesabu Jumanne, Jumatano na Alhamisi, akaweka akilini kwamba Ijumaa atakuwa mezani kwake. Kumbe cheti cha daktari kilisema apumzike kuanzia Jumatano tarehe 11 hadi Ijumaa tarehe 13. Kwa kuwa hatufanyi kazi Jumamosi na Jumapili, yeye alijua anarudi Jumatatu tarehe 16. Kila mmoja alihesabu vizuri kwa upande wake, na mimi niliyekuwa katikati sikuuliza.

Ijumaa hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kutuma benki orodha ya malipo ya vibarua, mwisho saa sita mchana. Mkuu alimsubiri binti hadi saa nne, ndipo akanipigia. Karatasi za mahudhurio zilikuwa kwenye droo ya binti, na mwenyewe alikuwa amelala, simu imezimwa, kama inavyompasa mgonjwa. Vibarua walilipwa Jumatatu. Wale ni watu wanaoisubiri Ijumaa yao wiki nzima, na iliniuma kuona wanaondoka mikono mitupu kwa sababu ya maneno mawili, "siku tatu".

Tangu hapo siupeleki ujumbe kama ulivyo. Nauandika upya. Simtaki mgonjwa aandike kirefu. Mwenye homa anaruhusiwa kuandika mstari mmoja, na ule mstari wake nautunza bila kuugusa, kwa sababu ndio ushahidi wa saa aliyotoa taarifa. Ninachokiandika mimi ni taarifa ya pili, ya wale watakaobaki na kazi.

Tarehe ndizo zilizonifundisha zaidi. Neno "leo" na "kesho" halifai kabisa, kwa kuwa ujumbe ulioandikwa usiku husomwa asubuhi, na kesho ya mwandishi imeshakuwa leo ya msomaji. Hata "hadi Ijumaa" inadanganya: kuna anayesoma kwamba Ijumaa hayupo, na kuna anayesoma kwamba Ijumaa ndiyo anarudi. Kwa hiyo naandika tarehe tatu zilizo wazi, yaani siku ya kwanza ya kukosekana, siku ya mwisho ya kukosekana, na siku ya kuripoti kazini. Kila tarehe inatanguliwa na jina la siku, ili nikikosea moja nyingine inishtaki. Nikiandika "Alhamisi tarehe 13" wakati tarehe 13 ni Ijumaa, msomaji ataona na kuuliza. Idadi ya siku naiweka baada ya siku ya mwisho ya kukosekana na kusema ni siku za kazi.

Ujumbe wa yule binti, kama ningeuandika ninavyoandika sasa, ungekuwa hivi:

"Mhasibu msaidizi anaumwa. Hatakuwapo kazini kuanzia Jumatano tarehe 11 hadi mwisho wa Ijumaa tarehe 13, siku tatu za kazi. Anatarajia kuripoti Jumatatu tarehe 16, saa mbili asubuhi. Cheti cha daktari kipo. Kazi isiyoweza kusubiri: orodha ya malipo ya vibarua, iende benki Ijumaa tarehe 13 kabla ya saa sita mchana. Itaandaliwa na karani wa mahudhurio, amekubali. Mkuu wa kitengo ataidhinisha. Karatasi ziko droo ya juu ya meza ya mhasibu msaidizi. Ankara za mwezi uliopita zitamsubiri. Asipigiwe simu, swali lolote liletwe kwangu."

Ugonjwa wenyewe haumo. Zamani niliwahi kupeleka ujumbe wa mwenzetu pamoja na jina la ugonjwa wake, naye aliporudi alikuta kila mtu anamuuliza habari ambazo aliniambia mimi peke yangu. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo naandika "anaumwa" basi.

Neno "amekubali" nalo lina historia. Mwanzoni nilikuwa naandika "kazi zake zitafanywa na wenzake", na kazi ya wenzake ikawa haina mwenyewe. Nikabadilisha, nikawa nataja mtu mmoja, lakini bila kumwuliza; mara moja niliyemtaja alikuwa safarini siku ileile. Sasa nampigia kwanza. Namweleza kazi ni ipi, mwisho wake saa ngapi, na iko wapi. Akisema ana nafasi, ndipo jina linaingia.

Ili kujua ipi ni ya dharura, swali ninalomwuliza mgonjwa ni moja tu: kuna kitu gani ambacho mtu mwingine atakikosa kabla hujarudi? Kwa kawaida hutaja kimoja au viwili. Akitaja sita, naangalia mwenyewe tarehe za mwisho na kuacha zile zinazomwangukia baada ya kurudi. Kitu ambacho sikiombi kamwe ni nywila yake. Mtu akiingia kwenye mfumo wa malipo kwa nywila ya mwingine, kumbukumbu zitasema malipo yaliidhinishwa na mtu aliyekuwa kitandani, na likitokea kosa atakayeulizwa ni mgonjwa. Bora mkuu atumie idhini yake mwenyewe.

Kuna wakati tarehe ya kurudi haijulikani, na hapo sibuni. Dereva wetu mmoja alikuwa anasubiri vipimo. Niliandika kwamba hatakuwapo kuanzia Jumatatu tarehe 16, siku ya kurudi haijajulikana, majibu yanatoka Alhamisi tarehe 19, na taarifa nyingine nitaitoa siku hiyo kabla ya saa kumi jioni. Aliyemshikia gari alikubali mpaka mwisho wa Alhamisi hiyo tu. Hata pale tarehe inapojulikana naandika "anatarajia", maana daktari anaweza kumwongezea siku. Akiongezewa, naandika taarifa mpya yenye tarehe zote, sio mstari wa kusema "ameongezewa mbili" unaomlazimisha msomaji kurudi kutafuta ule wa kwanza.

Kabla ya kutuma, namrudishia mgonjwa nilichoandika na kumwomba ajibu ndiyo au arekebishe. Ni maneno yangu, lakini ni habari zake. Miezi michache baadaye yule mhasibu msaidizi aliumwa tena, safari hii siku mbili. Nikamwandikia taarifa nzima, droo ya juu nikaitaja kama kawaida. Jibu lake lilikuja baada ya dakika tano: "Ndiyo dada, tarehe ziko sawa. Ila droo nimeifunga, ufunguo niliuacha mapokezi." Nikaongeza sentensi ya ufunguo, nikatuma, naye akazima simu akalala.