Kura ya samaki: nilivyouliza wateja wangu swali sahihi mara ya pili

Nauza samaki wabichi hapa Kisumu. Nachukua mzigo alfajiri, Dunga mara nyingi, kisha nauza kupitia makundi mawili ya WhatsApp. Kundi moja ni la watu wa Milimani na Tom Mboya, jingine ni la Migosi na Manyatta. Ukijumlisha yote mawili ni watu 135. Naandika haya kwa sababu mwaka jana nilipewa ushauri mbaya sana kuhusu kuuliza wateja maoni, ukanigharimu, na bado nausikia ukitolewa kwa akina mama wengine sokoni.

Kijana mmoja anayejiita mtaalamu wa mauzo ya mtandaoni aliniambia hivi: "Mama, uliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo. Watu wakishasema ndiyo, wamenunua." Nikamsikiliza. Nikaweka kura: "Je, mngependa niwe nawaletea samaki mpaka mlangoni?" Majibu yalikuwa mawili tu, ndiyo na hapana. Waliopiga kura walikuwa 52, na 47 wakasema ndiyo. Nilifurahi mno. Siku ileile nikaelewana na mwendesha boda anifanyie kazi wiki nzima, na nikanunua barafu na boksi la kuwekea samaki.

Jumatatu nilipata oda nne. Jumanne mbili. Jumatano moja, na huyo wa Jumatano alikuwa jirani yangu ambaye angekuja mwenyewe kwa miguu. Kwa pesa ya boda, barafu na mbuta walioanza kulegea nikawauza kwa hasara jioni, nilipoteza kama elfu tatu hivi, labda zaidi.

Nilikaa nikajiuliza kosa liko wapi, maana wale 47 hawakunidanganya. Nani atakataa kuletewa samaki mlangoni? Swali langu halikutaja pesa ya boda, halikutaja saa, halikumtaka mtu akumbuke chochote alichofanya. Lilimwomba atabiri tabia yake mwenyewe, tena mbele ya muuzaji anayemheshimu. Mtu akiulizwa hivyo hujibu kwa adabu, na adabu hainunui mbuta.

Basi safari ya pili sikuanza na kura. Nilianza na watu wanane, wateja wa kawaida, kila mmoja peke yake. Wengine niliwauliza nikiwapimia samaki, wengine niliwapigia. Swali lilikuwa moja: "Mara ya mwisho uliponunua samaki kwa mtu mwingine, ilikuwaje siku hiyo?" Nikanyamaza, nikaandika maneno yao kwenye daftari jinsi walivyoyasema. Mama mmoja wa Migosi akaniambia, "Mama Samaki, nilitoka kazini saa kumi na moja, sikujua kama umepata mzigo, nikaona nisisumbue, nikanunua Kibuye nikipita." Mwalimu mmoja akasema alichoka kutoa magamba usiku na mtoto mgongoni. Mwingine alinitumia ujumbe, nikamjibu baada ya masaa matatu, akawa amekwisha kupika mboga.

Tazama, hakuna hata mmoja aliyetaja kuletewa mlangoni. Kama ningetunga majibu ya kura kutoka kichwani mwangu, hilo ndilo ningeliweka la kwanza.

Kwa maneno hayo nikaunda kura. Swali: "Mara ya mwisho uliponunua samaki kwingine, sababu kubwa ilikuwa gani?" Majibu yakawa matano:

Sikujua kama una samaki siku hiyo.
Nilitaka waliokwisha kutolewa magamba na matumbo.
Ulichelewa kunijibu.
Bei.
Sijanunua kwingine mwezi huu.

WhatsApp inakuruhusu mpaka majibu 12, lakini mtu anayesoma simu akiwa kwenye matatu hatayasoma yote. Lile la mwisho usiliache. Mteja ambaye hajanunua kwingine asipopata pa kujiweka, atachagua lolote ili naye awe amepiga kura, na hapo umeharibu hesabu. Jambo jingine, zima kile kitufe cha "Allow multiple answers" kabla ya kutuma. Mimi mara ya kwanza nilikiacha, watu wakabonyeza sababu tatu tatu, na huwezi kujua ipi ndiyo iliyomfanya mtu apite mlango wako. Nikafuta nikatuma upya.

Sasa hapa ndipo ninapojivunia. Nilikuwa nimegundua kwamba mtu akifungua kura hubonyeza la juu haraka. Kwa kuwa nina makundi mawili, kundi la Milimani nililipa mpangilio kama ulivyo hapo juu, na la Migosi nikageuza, la mwisho likawa la kwanza. Jumapili saa mbili usiku nikaandika hesabu kwenye daftari. Chagua saa yako ya kufunga uifuate, kwa sababu mtu anaweza kubadilisha kura yake wakati wowote, na ukirudi Jumanne utakuta namba nyingine.

Milimani walipiga kura 31. "Sikujua kama una samaki" ilikuwa juu, ikapata 12. "Sijanunua kwingine" ilikuwa chini kabisa, ikapata 2. Migosi walipiga 27. Huko "Sijanunua kwingine" ilikuwa ya kwanza, ikapata 7, na "Sikujua" iliyokuwa chini kabisa nayo ikapata 7. Siwezi kuapa kwamba tofauti yote ni ya mpangilio, kwa kuwa haya ni makundi ya watu tofauti. Lakini jibu linalokaa mkiani na bado likalingana na lililo juu, hilo nililiamini. "Ulichelewa kunijibu" ilikaa katikati kote na ikapata 6 kila upande. Nalo nililiamini, ingawa liliniuma.

Lililonishangaza ni bei. Kura 5 tu kati ya 58! Miye nipo sokoni miaka yote hii, nawajua watu wanavyolia bei. Ndipo nikakumbuka kwamba katika kundi kila mtu akibonyeza "View votes" anaona nani amechagua nini. Nani atataka jirani yake wa Milimani aone kwamba samaki wa Mama Samaki wamemshinda bei? Nikatuma ujumbe: "Ambaye hajapiga kura na hapendi kuonekana, anitumie mimi peke yangu neno moja tu: taarifa, magamba, kuchelewa, bei, au sijanunua." Walinitumia watu 9. Nikahakikisha hakuna aliyekwisha kupiga kura kundini. Kati ya hao 9, sita waliandika bei.

Kwa hiyo hesabu kamili ikawa watu 67: taarifa 20, magamba 14, kuchelewa 13, bei 11, sijanunua kwingine 9. Bei ilitoka 5 ikafika 11 kwa sababu tu ya kumfichia mtu jina lake. Kama ningeishia kwenye kura ya kundini, ningeandika kwa kiburi kwamba wateja wangu hawana shida na bei, na wale sita wangesoma wakajua siwasikii.

Kuandika posti ya majibu kulinichukua jioni mbili. Ya kwanza niliianza kwa shukrani ndefu na asilimia. Wifi yangu akaisoma akasema, "Hii yote inakuhusu wewe. Mimi mnunuzi kesho asubuhi nitaona nini tofauti?" Alikuwa na haki. Asilimia nazo nikazitoa. Ukisema asilimia 30 ya wateja, mtu anadhani umeuliza mji mzima, kumbe ni watu 20 kati ya 67 waliojibu, na wengine 68 hawakusema kitu. Nikaandika hivi:

"Kuanzia kesho, kila siku saa mbili asubuhi nitaandika hapa samaki nilionao na ukubwa wao. Siku nisipopata nitaandika 'leo hakuna', ili usikae ukingoja. Niliwauliza kwa nini mlinunua kwingine, mkanijibu watu 67. Watu 20 mlisema hamkujua kama nina samaki. Watu 14 mlitaka waliotolewa magamba na matumbo: ukiagiza kabla ya saa nne asubuhi utawakuta tayari, bila kuongeza pesa. Watu 13 mlisema nachelewa kujibu, na ni kweli. Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni binti yangu atashika simu. Watu 11 mlitaja bei. Sitaipunguza, kwa sababu ziwa likichafuka nami hununua ghali ufuoni, lakini nitauza mbuta kwa vipande ili mtu anunue anachoweza. Baada ya wiki mbili nitawaambia imeendaje."

Sikutaja jina la mtu yeyote, hata yule wa mboga ambaye kisa chake kilikuwa kitamu kusimulia. Maneno ya majibu niliyaacha vilevile walivyoyasema. Mama wa Migosi alinipigia akacheka, akasema amejiona.

Lile la bei nililiogopa zaidi. Watu walinishauri niliruke. Nasema hapana. Aliyeandika "bei" faraghani anatafuta neno hilo kwanza kwenye posti yako, na asipoliona hatakujibu tena. Ukimwambia huwezi na ukampa sababu, anabaki. Watatu kati ya wale sita sasa wananunua vipande.

Wiki mbili zilipoisha niliandika tena, posti fupi. Ujumbe wa saa mbili ulitoka siku 11 kati ya 12 za kazi, na ile siku moja niliyokosa niliitaja. Waliotolewa magamba waliagizwa sana kuliko nilivyotegemea, ikabidi nimlipe msichana mmoja mia mbili na kitu kwa asubuhi. Suala la kuchelewa kujibu halijaisha, kwa sababu binti ana mitihani, na hilo pia niliwaambia.

Sasa natayarisha swali la Aprili, wakati uvuvi wa omena hufungwa mpaka Julai. Wateja wangu wa omena hupotea miezi hiyo. Tayari nimeongea na watano kati yao, daftari mkononi, nikiwauliza mwaka jana walipika nini badala yake.