Kifungu cha kubadilika kwa dola, na mnunuzi aliyekitilia shaka

Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda ghafla. Sisi wauzaji wa nje hapa Dar tuliokuwa tumetoa bei kwa dola tuliumia, maana wasukaji wa vikapu vya ukindu wanalipwa kwa shilingi. Kwa hiyo kwenye kotesheni iliyofuata, ya dola 10,000 kwa mnunuzi wa Ujerumani, niliongeza kifungu cha mabadiliko ya sarafu. Akakikataa: aliona ni mlango wa kumpandishia bei.

Kilichomlegeza ni kumwonyesha mipaka. Kiwango cha msingi cha kubadilisha dola ni wastani wa Benki Kuu ya Tanzania siku ya kotesheni, tuseme shilingi 2,500, na anaweza kukiangalia mwenyewe kwenye tovuti yao. Kikipanda au kushuka kwa pungufu ya asilimia 3 hadi siku ya ankara, bei haiguswi. Kikizidi hapo, inarekebishwa asilimia 60 tu ya bei, ile gharama ya shilingi. Usafirishaji tunaulipa kwa dola, hivyo haubadiliki.

Nikamwandikia hesabu za pande zote mbili, dola ikishuka hadi 2,375 na ikipanda hadi 2,625:

```
10,000 × (0.4 + 0.6 × 2,500 ÷ 2,375) = 10,316
10,000 × (0.4 + 0.6 × 2,500 ÷ 2,625) = 9,714
```

Mstari wa pili ndio uliomgeuza, kwa sababu dola ikipanda yeye ndiye anayepunguziwa. Bado aliomba ukomo wa asilimia 5 ya bei yote, juu na chini. Niliona ni haki, nikaukubali, akasaini.